Sauti Iliyopimwa kwa Salamu

Nathanieli Kaijage hakuzaliwa mtu wa hospitali. Alizaliwa Kahororo, katika kibanja cha migomba na mibuni kama watoto wote wa jirani, na baba yake alitaka awe mtu wa kahawa. Lakini siku moja alijikata mguu kwa jembe, akapelekwa kwa wamisionari kuoshwa kidonda, na kidonda kilipopona yeye hakuondoka. Alianza kwa kufagia, akapandishwa kwenye kuchemsha vyombo, kisha kwenye kufunga bandeji. Mwaka ule Malkia mpya wa Waingereza alipotawazwa, Kaijage alikuwa dresa mkuu, msaidizi wa kwanza wa daktari, wa hospitali ndogo ya misheni katika vilima vya Muleba, na watu walikuwa wakimwita Daktari Mdogo. Zamani alikuwa akiwakataza. Siku hizi alikuwa ameacha.

Niseme mapema ili nisije nikaonekana nimeficha: Kaijage alikuwa mtu mwema, na alikuwa mtu wa kujidai kidogo. Tabia hizo mbili zikikaa katika kifua kimoja hazikosi kugombana, na mara nyingi anayeumia ni mtu mwingine kabisa.

Hospitali ilikuwa na daktari mmoja, mama wa Kiswidi aliyeitwa Daktari Holm, mrefu, mwenye Kiswahili cha kitabuni kisichopungua hata silabi. Madresa walikuwa wawili, Kaijage na Rugambwa. Na wagonjwa waliomjia Daktari Holm kutoka mbali zaidi walikuwa wanawake wenye rovu, ule uvimbe wa tezi ya shingoni unaokua mwaka hadi mwaka mpaka mtu anashindwa kufunga ushanga. Daktari alikuwa hodari wa kuukata. Basi kila Jumatano alasiri aliwaketisha madresa wake mbele ya ubao akawafundisha shingo.

Na shingo, jamani, ni kitu cha kuchanganya akili.

"Mtoto akiwa tumboni wiki ya nne," Daktari alisema siku ya kwanza, "ni mdogo kama punje ya mchele. Hana uso. Hana shingo. Lakini pande mbili za koo lake kuna matuta, moja chini ya jingine. Tunayaita matao. Kila tao lina gegedu lake, ule mfupa laini, nyama yake, mshipa wake wa damu, na mshipa wake wa fahamu. Uso na koo vinatengenezwa kutokana na matao haya."

Akachora. Tao la kwanza likawa taya, pamoja na misuli ya kutafuna. Alimpa Rugambwa buni za kutafuna, zile kahawa zilizochemshwa na kukaushwa ambazo Mhaya humpa mgeni kabla hajamuuliza shida yake, akamwambia Kaijage aweke vidole kwenye mashavu ya Rugambwa aone nyama inavyotutumka. Tao la pili likawa misuli ya kucheka, kukunja uso na kufumba macho. Rugambwa akaambiwa acheke, akacheka kuliko alivyoagizwa. Tao la tatu likawa sehemu ya chini ya kile kimfupa kilicho juu ya koo chini ya ulimi, na msuli mmoja tu mwembamba wa kumezea.

"Na mifupa midogo ya ndani ya sikio," Daktari akaongeza, "ipo mitatu. Miwili ya kwanza inatoka kwenye tao la kwanza, pamoja na taya. Wa tatu unatoka kwenye tao la pili."

Kaijage aliinua mkono. "Taya na sikio, Daktari?"

"Taya na sikio."

"Ndugu?"

"Ndugu kabisa."

Aliandika, lakini aliandika kama mtu anayetia sahihi kwenye shauri asilolikubali. Mambo yakazidi kuharibika Daktari alipofika chini ya ubao. Alihesabu: tao la kwanza, la pili, la tatu, la nne, la sita.

Madresa wakatazamana. Rugambwa, ambaye hakuwa na aibu, akauliza la tano limekwenda wapi.

"La tano halipo. Kwa binadamu halikui. Pengine linaonekana kidogo, kisha linapotea."

"Sasa kwa nini la sita lisiitwe la tano?"

Daktari Holm alifikiri. "Sijui," alisema. Kaijage alimpenda kwa jibu lile, lakini halikumsaidia. Usiku kucha, akiwa kitandani, alihesabu matao na kila mara alianguka kwenye shimo lile la tano.

Kilichomwokoa ni ukoo. Daktari alikuwa amesema jambo moja ambalo Kaijage alilipuuza mwanzoni: kwamba misuli ya matao hayo huhama. Msuli unaweza kuzaliwa shingoni ukaenda kuishi kwenye paji la uso, lakini ukihama huondoka na mshipa wake wa fahamu, na maisha yake yote unaamriwa na mshipa uleule wa tao lake. Asubuhi moja, akiwa anapalilia migomba kabla ya kazi, Kaijage alisimama na jembe mkononi. Kumbe ni kama ukoo na mwiko wake! Yeye mwenyewe alihama Kahororo akaja kuishi Muleba, lakini mwiko wa mnyama asiyeliwa na ukoo wao hakuuacha Kahororo, alikuja nao. Na tao la tano ni ukoo uliokufa bila mrithi, jina likabaki na kibanja kikachukuliwa. Siku hiyo alikwenda kazini akitembea kama aliyevishwa nishani.

Lakini palibaki kitu kimoja alichokiandika bila kukielewa. Zoloto, kile kisanduku cha sauti kilichoko mbele ya koo, kina wenyeji wa koo mbili, wa matao mawili. Karibu misuli yake yote ni watu wa tao la sita, na mshipa wao ni wa ajabu: unashuka kutoka kichwani, unapita zoloto kama hauioni, unaingia kifuani, unazunguka mshipa mkubwa wa damu, kisha unapanda tena kuja kufanya kazi uliyoipita njiani. Ule wa upande wa pili haufiki mbali hivyo, lakini nao unashuka na kurudi. Msuli mmoja tu, ulioko nje, mbele ya zoloto, ni mtu wa tao la nne, na mshipa wake unafika kwa njia ya juu. Daktari alisisitiza sana jambo hili. Kaijage alilipigia mstari mara mbili. Kupiga mstari si kuelewa, lakini daftari lilipendeza.

Sasa nieleze kazi yake kwenye chumba cha upasuaji, maana ndiyo iliyomponza. Daktari Holm alikata rovu mgonjwa akiwa macho, kwa sindano ya ganzi, ili sauti yake isikike. Mishipa ya sauti inapita jirani kabisa na tezi, na kisu hakina macho. Kaijage ndiye aliyekaa kichwani. Maagizo aliyopewa yalikuwa wazi: mfanye mgonjwa aseme, na kila mara Daktari anapobana kitu kabla ya kukikata, mgonjwa atoe "iii" ndefu, aanze chini aipandishe mpaka juu kabisa.

Mgonjwa wa kwanza alikuwa mjane mwenye wajukuu. Kaijage alipomweleza, alimtazama kutoka chini ya kitambaa cha upasuaji. "Waitu, mimi nilie kama mbuzi? Mbele yako, mwanamume? Hapana." Wa pili alikataa vilevile. Kaijage akaona amepewa dawa isiyomezeka, na kwa kuwa alikuwa Daktari Mdogo, akatengeneza ya kwake. Aliwasalimu. Salamu ya Kihaya si neno moja. Ukimsalimu mwanamke mwenye heshima zake utamuuliza alivyolala, waliolala nyumbani, wazee, watoto, ng'ombe, migomba, mvua, na kila swali lina itikio lake na "waitu" yake ya heshima. Mtu anaweza kusalimiwa rovu zima likatoka.

"Daktari," alisema, "kwetu huku sauti hupimwa kwa salamu."

Daktari Holm alikuwa mgeni mwenye adabu. Alisema hiyo ni desturi nzuri, akaiandika katika kitabu chake. Tangu siku hiyo mgonjwa aliitikia salamu na Daktari alikata, na Kaijage kila baada ya muda alisema, "Sauti ipo, Daktari." Wanawake kumi na mmoja walipita mikononi mwake hivyo, na wote walikwenda nyumbani wakiongea.

Wa kumi na mbili alikuwa Kemilembe, mke wake.

Kemilembe alikuwa na sauti. Wapo watu wanaoimba vizuri, nao ni wengi; huyu alikuwa mtu ambaye akianzisha wimbo kanisani wazee wanaacha kukohoa. Sauti yake ilipanda bila kujikakamua, ikafika juu kwenye bati, ikakaa pale ikikungoja. Kaijage alimwoa kwa sauti ile. Alikuwa amepita njia ya Kibeta akielekea mjini Bukoba kuchukua dawa za hospitali, akamsikia mtu asiyemwona akiimba katikati ya migomba, na dawa zilichelewa siku mbili. Hakuwa mtu wa kusema maneno ya mapenzi. Alisema tu, "Mama Alistidia, imba," naye akaimba, na miaka ishirini ikapita hivyo.

Rovu lilipoanza kumkaba usiku, Kemilembe alikuwa na swali moja tu. "Nitaimba?"

"Utaimba."

"Baba Alistidia, usiniambie kama unavyowaambia wagonjwa. Nitaimba?"

"Mimi mwenyewe nitakaa kichwani," alisema Kaijage. "Nitaisikiliza sauti yako mwanzo mpaka mwisho. Ikitikisika nitamwambia Daktari aache."

Daktari alishauri Rugambwa akae kichwani badala yake. Kemilembe alikataa, na kusema kweli Kaijage naye angekataa. Basi siku ilipofika, akiwa amelazwa na shingo imeinuliwa juu ya mto wa mchanga, alimwinamia mkewe na akamsalimu. Hakuwa amemsalimu salamu ndefu namna ile tangu siku za uchumba. Alimuuliza habari za mama yake Kibeta. Naye, ingawa alikuwa amefungwa mikono kwa kitambaa na hawezi kupiga magoti, aliitikia kama aliyepiga magoti: taratibu, kwa sauti ya chini, macho pembeni, neno kwa neno. Daktari alikuwa kwenye ncha ya juu ya tezi, akifunga mshipa wa damu kwa uzi. Kemilembe alishika pumzi kidogo. Kisha akaitikia kwamba mama hajambo.

"Sauti ipo, Daktari," Kaijage alisema.

Siku za kwanza alikwaruza, na hilo lilitazamiwa. Wiki ya pili sauti ilirudi safi, na Kaijage alimshukuru Mungu kwa sauti kubwa ili Rugambwa asikie. Jumapili ya tano Kemilembe alisimama kanisani na kitambaa cheupe shingoni, akaanzisha wimbo. Mstari wa kwanza ulikwenda. Mstari wa pili, ambao unapanda, haukupanda. Hakukwama wala hakukohoa. Sauti ilibaki palepale, imelala, kama mtu aliyefika mlimani akaamua kuzunguka. Alijaribu tena. Waimbaji wenzake wakamdaka haraka wakaubeba wimbo, na yeye akasimama katikati yao mdomo wazi, akitazama mbele.

Nyumbani alisema, "Baba Alistidia, imekwenda wapi?"

Hapo ndipo Kaijage alipoanza kuchanganyikiwa kwa kweli, si ule mchanganyiko wa darasani ambao mtu akichoka hufunga daftari. Sauti ilikuwepo. Alikuwa anaisikia: ilimwita ale, ilimfukuza kuku, ilimuuliza imekwenda wapi. Unamtafutaje mtu ambaye amesimama mbele yako? Majirani walikuwa na majibu, maana jirani hakosi jibu. Wengine walisema sauti ilikuwa inakaa ndani ya rovu na imetupwa pamoja nalo. Wengine walisema aliringa nayo. Kaijage aliwafukuza wote, kisha usiku akajikuta anafikiria kama hao wa kwanza hawakuwa na ukweli kidogo.

Alimpeleka kwa Daktari. Daktari Holm alimvuta Kemilembe ulimi kwa kitambaa, akaingiza kooni kioo kidogo chenye mpini, akamwambia aseme "eee".

"Njoo utazame," alimwambia Kaijage.

Alitazama. Nyuzi mbili nyeupe za sauti zilifunguka na kufunga, kulia na kushoto, sawasawa, kama milango ya nyumba ya mtu nadhifu.

"Tao la sita," Daktari alisema kwa furaha. "Pande zote mbili nzima. Mshipa haukuguswa. Ni uvimbe tu, utapungua."

Kaijage angepaswa kufurahi. Alitoka nje akakaa kwenye ngazi. Milango inafunga, inafunguka, na mwenye nyumba haimbi. Rugambwa alikuja akamletea buni, akamtania kwamba sasa atalala usingizi wa amani, mkewe hatamwamsha kwa nyimbo. Alipoona uso wa mwenzake aliacha utani, akakaa naye, na mimi nampa Rugambwa sifa kwa hilo.

Jioni ile Kaijage alitoa daftari. Alisoma tao la kwanza mpaka la nne, akaruka shimo la tano, akafika kwenye zoloto, kwenye mstari uliopigwa mara mbili. Misuli yote ya tao la sita, isipokuwa mmoja. Aliweka kidole kwenye koo lake mwenyewe, mbele, pale ambapo gegedu kubwa linakutana na lile dogo la chini yake. Alisema "Waitu" kwa sauti ya salamu. Kidole hakikusikia kitu. Kisha, akiangalia kama mlango umefungwa, Daktari Mdogo wa Muleba alitoa "iii" akaipandisha, akaipandisha mpaka mbwa akabweka nje. Magegedu mawili yalisogeleana chini ya kidole chake. La chini liliinuka mbele, pengo kati yao likabana.

Ndiyo kazi ya msuli ule. Unainamisha gegedu moja juu ya jingine na kuzivuta nyuzi za sauti zikaze, na uzi ukikazwa ndipo unalia juu. Watu wa tao la sita wanafungua na kufunga. Hao wanatosha kusema, kuuliza bei, kuitikia salamu. Anayepandisha sauti ni yule mkazi wa ukoo mwingine, wa tao la nne, anayeishi nje ya ua. Na mshipa wake unashuka sambamba na mshipa wa damu wa juu ya tezi, uleule ambao Daktari alikuwa anaufunga wakati Kemilembe aliposhika pumzi.

Alikuwa amebisha hodi kwenye nyumba moja mara kumi na mbili. Ya jirani hakuigusa hata mara moja.

Kesho yake alimwambia Daktari. Daktari Holm alisikiliza akiwa amesimama, kisha akaketi. "Alipandisha sauti? Wakati ule nilipofunga ule wa juu, alisema 'iii'?"

"Aliitikia salamu, Daktari."

"Kwa sauti gani?"

"Ya heshima. Ya chini."

Mama yule alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu. Alisema ni yeye aliyeshika uzi, na ni yeye aliyekubali kuacha "iii", kwa hiyo asijibebeshe peke yake. Alisema kama mshipa ulivutwa tu, utaamka baada ya miezi. Kama ulifungwa pamoja na ule wa damu, hautaamka. "Siwezi kujua ni lipi," alisema. "Tungoje miezi sita." Kaijage alitaka kukasirika naye, na hakuweza, na hilo nalo likamchanganya. Wale kumi na mmoja walimjia kichwani mmoja mmoja. Yule wa Ijuganyondo aliyerudi kusema akiongea kutwa sauti inachoka. Yeye alimwambia ni upungufu wa damu. Alimwambia ale mboga.

Ilibaki kumwambia Kemilembe. Alingoja siku tatu, kwa woga tu, sitampamba. Siku ya nne alimkuta anamenya ndizi, akakaa kwenye kigoda, akaeleza yote: matao, koo mbili za zoloto, "iii" aliyoiacha, salamu. Alieleza vibaya. Alirudi nyuma mara mbili, akataja taya bila sababu. Kemilembe hakuacha kumenya.

"Kwa hiyo ulitakiwa uniambie nipige kelele," alisema mwishowe.

"Ndiyo."

"Nami ningepiga?"

"Sijui. Wengine walikataa."

"Nilitaka kupiga," alisema Kemilembe. "Pale alipovuta juu, niliumia, nikataka kupiga kelele mpaka nisikike Kibeta. Kinywa kilikuwa kimeshafunguka. Lakini wewe ulikuwa umeniuliza mama yangu hajambo." Aliweka kisu chini. "Mtu anasalimiwa, Baba Alistidia. Ataitikiaje kwa kelele?"

Kaijage alilia. Hakujua analia kwa kosa la nani: la kwake, la Daktari, au la mafundisho mema aliyopewa binti wa Kibeta na mama yake. Heshima si utumwa, wazee husema, na huenda ni kweli, lakini siku ile hakuona tofauti. Kemilembe hakumbembeleza. Alimaliza ndizi, akaziweka jikoni, na kwa wiki mbili alimwita kwa jina lake la ubatizo kama mgeni.

Miezi ilipita. Kanisani alihamia nyuma, kwa wanawake wa sauti ya chini, na alijifunza sehemu yao akiwa na umri ambao wengine wanaiacha. Mwezi wa sita ulifika. Hakuna aliyempima. Hakuna aliyeuliza.

Mwezi wa saba likaja rovu jipya hospitalini, la bibi mmoja mkulima aliyeitwa Felicitas, Mkatoliki wa kilima cha pili, mwembamba kama fimbo. Kaijage alikaa kichwani. Safari hii alikusudia "iii" na si kingine, na kwa hofu ya kurudia kosa hakumsalimu kabisa. Hakusema hata neno moja la kumpokea. Alimwinamia tu akamwambia, "Bibi, sema 'iii', ipandishe."

Bibi Felicitas alimkodolea macho. Daktari alibana ncha ya juu. "Sasa," alisema.

"Bibi, 'iii'."

"Huyu mtu ni wa wapi?" Bibi aliuliza, kwa kiasi.

"Bibi, tafadhali."

"Ni wa wapi mtu huyu?" Sauti ikaanza kupanda. "Nimetoka kwangu alfajiri, nimepita mito miwili, nimelala hapa kama mbuzi wa Krismasi, mtu ananiinamia usoni hajaniuliza nimelalaje! Hana mama? Mae! Hakuna aliyemfundisha? Hata salamu! HATA SALAMU!" Na lile neno la mwisho lilipanda mpaka juu kabisa, likapiga bati, wagonjwa wa nje wakasimama.

"Juu ipo, Daktari," Kaijage alisema.

Daktari Holm alikuwa ameganda, kibanio mkononi. Taratibu alifunga, akakata. "Muudhi tena upande wa pili," alisema.

Jioni Kaijage alimsimulia Kemilembe. Hakuwa na uhakika kama inafaa, lakini kitu kilikuwa kimemjaa kifuani tangu asubuhi na hakikuweza kukaa. Alimwigiza bibi, akaigiza uso wa Daktari. Alipofika kwenye mito miwili Kemilembe alitabasamu. Alipofika kwenye mbuzi wa Krismasi aliweka mkono mdomoni. Alipotamka "hata salamu" kwa sauti yake ya dume iliyopasuka, Kemilembe aliangua kicheko, kile kicheko chake cha zamani, kilichokuwa kikianza chini kikapanda.

Kilianza chini. Kilipanda kidogo, kikafika mahali, kikaishia hapo.

Wote wawili walikisikia kilipokomea. Kaijage alitazama mikono yake.

"Endelea," Kemilembe alisema. "Upande wa pili mlimuudhi kwa lipi?"